Mstari wa Papa Ulivyovuka Ziwa

Nadine, Espérance, na ninyi wote wa benchi la nyuma: mliniuliza "Zambia ilikuwaje?" nikajibu "bien", nzuri tu, nikainamia daftari langu. Mnanijua. Mdomo wangu huchelewa kufika. Basi nimeandika, someni kwa zamu, na msinisomee kwa sauti nikiwepo.

Mambo ya makaratasi sitayasema, yanachosha. Nitaanza na kazi niliyopewa, maana safari nzima ilikuwa kazi hiyo.

Kalemie

Dada yangu Furaha aliolewa Mbala, upande wa Zambia, na kijana anaitwa Chanda. Mama mguu unamsumbua, hawezi kupanda boti. Kwa hiyo waliotumwa harusini ni wawili: Shangazi Godelive, dada wa baba yetu marehemu, Papa, na mimi Mapendo. Shangazi alitumwa kwa sababu ni mukubwa. Mimi nilitumwa kwa sababu ya Kiingereza, na Kiingereza changu mnakijua, tumekaa pamoja katika saa ile ile ya Ijumaa.

Papa alikuwa mekanisien wa reli, lakini alikuwa na daftari la mashairi. Aliandika moja kwa ajili ya siku ambayo binti yake ataolewa. Lina beti nne. Kila mstari una vipande viwili, kila kipande mizani nane, yaani silabi nane, na vina vinaitikiana katikati na mwishoni. Mstari wa mwisho ni kibwagizo, unarudi katika kila ubeti. Huu ni ubeti wa pili:

Nimemulea kwa tabu, kwa bugali na ndagala,
Nikamufunza adabu, kuamuka na kulala,
Mukwe, sogea karibu, sikia mbele ya kula:
Ukichoka 'simupige, murudishe kwa mukono.

Nyumbani kwetu kibwagizo hakisomwi na mtu mmoja. Msomaji anakitoa, wasikilizaji wanakirudisha. Papa alikuwa na sheria yake: aliyeitikia ameahidi. Tulipokuwa wadogo alitunga kibwagizo kuhusu kuosha sahani, tukaitikia kwa furaha, na tukaosha sahani mwaka mzima.

Furaha alinitumia sauti kwenye simu: "Mapendo, wakwe zangu hawajui Kiswahili. Wanajua Kibemba na Kiingereza. Nataka wamusikie Papa. Na nataka waitikie. Usiniletee maneno ya kusomwa halafu watu wanapiga makofi, unasikia?"

Nilikuwa na siku nne, na kamusi ya Papa isiyo na jalada. Nikatafsiri neno kwa neno, kama tunavyofanya zoezi la darasani. Kibwagizo kikatoka hivi: *If you get tired do not beat her, return her by the hand.* Kila neno la Papa lilikuwemo. Nikakisoma kwa sauti chooni, mahali pekee ambapo hakuna mtu. Kikasikika kama tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa biro ya serikali.

Ziwani, kuelekea Moba

Boti ilikuwa ya mbao, ina injini moja, na juu yake kulikuwa na simenti, madumu ya mafuta ya mawese, makreti, mbuzi wawili, na sisi. Tuliambiwa tutaondoka asubuhi. Tuliondoka saa nane mchana, kwa sababu mwenye mbuzi alikuwa bado anabishana na mwenye simenti nani akae chini.

Shangazi alikaa juu ya gunia, akafungua bakuli la mihogo na samaki mkavu, akala akiangalia mbele. Yeye ni hivyo. Mkono wake wa kushoto kifundo kimepinda, hashiki vizuri, kwa hiyo anabana bakuli kwa magoti. Tangu utotoni naambiwa alianguka na baiskeli Manono.

Karibu nasi alikaa mama mmoja Mzambia, mchuuzi wa samaki, anaitwa Ba Mwila. "Ba" kwao ni heshima, kama sisi tunavyosema Mama. Kiswahili chake ni cha sokoni, kifupi, lakini kinafika. Aliniona naandika na kufuta, akaniuliza: "Weye mwalimu?"

Nikatikisa kichwa. Shangazi akajibu kwa niaba yangu: "Anageuza mashairi ya baba yake yaende Kiingereza."

"Lete, nisikie."

Sikutaka. Shangazi akanitazama, nikatoa karatasi. Ba Mwila alisikiliza hadi mwisho, akakunja uso. "Mtoto, *return* ni ya viatu. Kiatu kidogo, rudisha dukani. Harusi gani hii?"

"Lakini njo neno lenyewe, ndilo hili hili," nilisema. "Kurudisha."

"Neno, ndiyo. Lakini nani ataimba hii? Haina mguu." Akapiga goti lake kwa kiganja, moja, mbili, moja, mbili. "Sisi Kiingereza tunaimba kanisani. Tafuta mguu wa kanisani."

Akaimba wimbo mmoja wa Kiingereza wa kanisani kwao polepole ili nihesabu. Nikahesabu kwa vidole chini ya kitenge: silabi nane, kisha nane. Nikahesabu tena. Nane na nane! Ni kipande kile kile cha Papa. Nilitaka kusimama, nikakumbuka niko kwenye boti.

Ila kulikuwa na shida ambayo darasani hatukuambiwa. Kiswahili kinaweka uzito kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: mu-KO-no. Mstari unamalizika kwa kushuka. Ule mguu wa Ba Mwila unamalizika kwa kukanyaga: *hand*, *home*, *child*. Na vina pia ni tofauti. Kwetu ukipata *-la* mwishoni umemaliza, maneno ya *-la* yamejaa kama ndagala. Kiingereza kinadai sauti ilingane kuanzia pale penye uzito mpaka mwisho, na maneno yanayolingana ni machache. Kwa *mukono*, yaani *hand*, nilipata *land*, *sand*, *stand*, *understand*. Neno lolote nitakaloliweka litavuta maana kwenda kwake.

Nilikaa na maneno hayo manne mpaka jua likashuka upande wa milima ya kwetu. Mwishowe nikaandika:

*When love is weary, understand,*
*And lead her gently by the hand.*

Nane na nane. Vina safi. Nilisoma mara ishirini. Kusema kweli, nililala nikitabasamu.

Moba, siku mbili ambazo hazikupangwa

Injini ilikufa tukiwa tumekaribia Moba. Fundi alisema kifaa kitapatikana juu mlimani, Kirungu. Kifaa kilikwenda kutafutwa kwa pikipiki, pikipiki nayo ikakaa. Tulikaa ufukweni siku mbili tukila maharage ya Moba, ambayo ni matamu kuliko ya kwetu, na simwambii Mama.

Siku ya kwanza Ba Mwila aliwakusanya Wazambia wenzake, watu kama sita hivi, akanisukuma mbele. Nikaanza kwa tuni yake. Kufikia mara ya pili ya kibwagizo, wote waliimba pamoja nami. Mara ya tatu waligawana sauti, mwanaume mmoja akashika besi. Walipomaliza wakasema "Amen!" wakapiga makofi, na mwenye besi akanipa chungwa.

Nilirudi kwa Shangazi nikitembea juu ya mchanga kama naogelea. "Umeona? Wameitikia."

"Nimeona. Wameitikia nini?"

Nikamuuliza Ba Mwila, ili Shangazi asikie mwenyewe: shairi limesema nini?

"Vizuri sana," alisema. "Linasema Mungu abariki bwana na bibi."

"Hakuna Mungu mule ndani," nikasema.

"Hakuna?" Akacheka. "Basi mimi nilimusikia."

Shangazi alinyoosha mkono, akaomba karatasi. Hasomi Kiingereza, lakini aliitaka mkononi. "Nirudishie kwa Kiswahili. Neno kwa neno, usinidanganye."

Nikasema: "Mapendo yakichoka, elewa, umuongoze polepole kwa mukono."

"Umuongoze kwenda wapi?"

Nikausoma tena mstari ule. Kweli, haendi popote.

"Na kupiga kuko wapi?"

"Hakukuingia, Shangazi. Silabi..."

"Hakukuingia." Alikunja karatasi mara mbili, akanirudishia. Kisha akasema kama mtu anayesoma orodha ya sokoni: "Mimi sikuanguka na baiskeli. Niliolewa Ankoro. Bwana alichoka na mimi, basi akawa ananipiga. Siku aliyovunja mukono huu nilitoka na kanga moja, nikapanda mutumbwi wa mutu nisiyemujua, nikashuka naye mto mpaka Kongolo, halafu treni. Baba yako alinikuta kwenye gare, pale stesheni. Mufupa ulikuwa umeshajishika vibaya. Aliniuliza, 'Dada, kwa nini hawakukuleta?' Sio kwa nini umeachika. Kwa nini hawakukuleta. Akaenda kuandika. Wewe ulikuwa bado kuzaliwa."

Nilitazama maharage yangu. Miaka yote nilidhani kibwagizo kile ni cha kupendeza tu, cha vina.

"Sasa mutoto wa kaka yangu," akasema, "umepika mchuzi, umetoa nyama, umebakiza harufu. Na watu wamesifu harufu."

Siku ya pili sikuimba mbele ya mtu. Nilichora mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Upande mmoja nikaandika vitu ambavyo Papa ameviweka: kuchoka, kupiga, kurudisha, mukono. Upande wa pili vitu ambavyo vinamfanya mtu aitikie: nane na nane, kukanyaga mwishoni, vina. Vyote haviingii. Kitu lazima kishuke kwenye boti. Nikafuta vina. Iliniuma, maana Papa alikuwa anajivunia vina kuliko mshahara. Lakini nilifikiri: hata Papa, kwenye kibwagizo hiki, *-ge* na *-no* haviitikiani na mistari mitatu ya juu. Kibwagizo chake kinasimama peke yake. Kinachokibeba ni mguu na kurudiwa.

Mpulungu

Tulifika Mpulungu, bandari ya Zambia, mchana, jua kali, harufu ya samaki kama nyumbani. Tukakaa kwenye kibanda cha chakula tukisubiri gari. Niliagiza kwa Kiingereza changu, nikaletewa sahani mbili za nshima na hakuna mboga. Kumbe mboga inasemwa peke yake. Shangazi alicheka mpaka akafuta macho. Nshima ni bugali wetu, kapenta ni ndagala zetu. Hapo nikapata kitu kimoja bure: kwa ubeti wa pili nilikuwa nimeandika maelezo marefu ya Kiingereza juu ya uji mgumu na samaki wadogo waliokaushwa. Nikafuta, nikaandika *nshima and kapenta*. Sio Kiingereza, sio Kiswahili, lakini wao ndio watakaosikiliza.

Na pale mezani, vidole vikiwa na nshima, kibwagizo kilikuja:

*If you grow tired, don't raise your hand;*
*Take hold of hers and bring her home.*

Nilimshika Ba Mwila mkono, kitu ambacho sijawahi kumfanyia mgeni. Akahesabu kwenye goti. Neno *tired* yeye analitamka kama silabi mbili, mwalimu wetu anasema moja. Tukakubaliana liwe moja. Nane na nane. *Return* imeondoka, viatu vimeondoka. *Bring her home*, mlete nyumbani, ni maneno ya kumsemea mtu. Na mikono ni miwili: usiinue wa kwako, shika wa kwake. Papa hakuandika hivyo, lakini nilidhani angeona wivu.

"Hii ni nzuri, mwalimu," alisema Ba Mwila. Alikuwa amefika kwake. Akamfungia Shangazi kapenta kidogo kwenye gazeti, akaenda, hatukumuona tena.

Nikamrudishia Shangazi kwa Kiswahili. Alisikiliza mpaka mwisho, akatafuna, akameza.

"Bwana hakuinua mukono," alisema. "Alipiga."

"Shangazi, wanaelewa. Kwa Kiingereza ukisema usiinue mukono, mutu anajua."

"Anajua kama anataka kujua. Asiyetaka atasema, mimi niliinua tu."

Nilikasirika. Ninasema ukweli, nilikasirika na mtu mwenye kifundo kile. Nilikuwa nimetafuta mstari ule kutoka Kalemie, na ulikuwa mzuri, na ulikuwa wangu. Sikusema naye njia yote ya kupanda mlima. Gari lilipanda, hewa ikawa baridi, akanifunika nusu ya kitenge chake na bado hatukusemezana.

Mbala

Mbala kuna baridi kama ndani ya frigo. Furaha alitukimbilia uwanjani, akalia, akanitazama: "Iko tayari?" Nikasema iko. Sikumwambia kwamba Shangazi hajaikubali.

Desturi ya kule: siku ile upande wa bibi-arusi unapeleka vyungu vya chakula mbele ya bwana-arusi, kumuonyesha atakavyolishwa. Wanawake wanaingia wakiimba, wanapiga magoti, vyungu vinafunguliwa kimoja kimoja. Furaha alikuwa amewaomba, kabla Chanda hajatia mkono, shairi la Papa lisomwe. Kumbe Papa alikuwa ameandika *sikia mbele ya kula*, yaani kabla ya kula, bila kujua kwamba siku moja mukwe atakuwa amekaa kweli mbele ya kuku na nshima inayotoa moshi, watu arobaini wakimeza mate.

Asubuhi ya siku hiyo nilikwenda kumsaidia Shangazi kuvaa, maana hawezi kufunga nyuma. Nilifunga fundo, nikauona mkono ule umelala kwenye paja. Nikatoa penseli, nikafuta *raise your hand*. Na kwa kuwa *hand* imeondoka, *hers* haikuwa tena na mwenzake wa kushikamana naye. Kipande cha pili nacho kikaanguka. Nikaandika upya, nimesimama:

*If you grow tired, don't beat my child;*
*Take her by hand and bring her home.*

Nane na nane. Hakuna vina, hakuna ujanja. Nimeongeza *mtoto wangu*, ambalo Papa hakuliandika, kwa sababu kipande kilipungukiwa, na kwa sababu ndilo alilokuwa anasema. Nikamrudishia Shangazi: "Ukichoka, usimupige mutoto wangu. Mushike mukono, mulete nyumbani."

"Sasa," alisema. "Vuta fundo, limelegea."

Nilisoma nimeangalia chungu cha maharage. Kwanza Kiswahili: mimi nikatoa, Shangazi na Furaha wakaitikia, sauti mbili tu katika sebule ile. Kisha Kiingereza. Nilitoa kibwagizo mara ya kwanza, nikawasubiri.

Hakuna aliyeitikia. Baba yake Chanda, mzee mrefu wa miwani, alikohoa. Mtu mmoja nyuma akanong'ona kitu chenye neno *beat*, na wengine wakatazamana. Nilitamani ule mstari wangu wa Mpulungu. Nilikuwa nao kichwani, ningeweza kuutoa pale pale na pengine wangeimba.

Pembeni ya chumba alikaa nyanya yake Chanda, juu ya mkeka, amejifunika blanketi. Kiingereza hajui. Aliuliza kitu kwa Kibemba, kwa sauti ya mtu anayedai. Yule mzee wa miwani hakutaka kujibu. Nyanya akauliza tena. Basi akajibu, polepole, kipande kwa kipande, akigeuza Kiingereza changu kuwa Kibemba. Sikuelewa kitu.

Lakini Shangazi aliinua kichwa. Yeye lugha yake ya Ankoro ni Kiluba, na Kiluba mkono ni *kuboko*. Yule mzee alikuwa ametamka *ukuboko*. Shangazi akanigusa ubavuni: "Umefika. Mukono umefika."

Nyanya alisukuma blanketi pembeni. Kisha akapiga makofi ya taratibu, viganja vya kupinda, kama wanavyosalimia wakubwa, na akayarudia maneno yote kwa Kibemba, peke yake. Wanawake waliokuwa karibu naye wakayarudia. Nilipotoa kibwagizo cha ubeti wa pili, waliitikia wanawake. Cha tatu, wanaume wachache. Cha nne nilimsikia hata mzee wa miwani.

Chanda hakuitikia. Kuku alikuwa ameacha kutoa moshi. Furaha alikuwa amepiga magoti, anatazama sakafu.

Shangazi aliinuka. Akaenda mpaka pale alipokaa Chanda, akamnyooshea mkono wa kushoto, ule uliopinda, akasema kwa Kiswahili: "Mukwe. Onyesha utakavyomushika."

Chanda alikitazama kifundo kile muda mrefu. Sidhani kuna mtu aliyekuwa amemsimulia, lakini mfupa ule hauhitaji mkalimani. Akasimama kutoka kwenye kiti chake, akaushika kwa mikono yote miwili, chini ya kifundo, pale pasipouma, na akasema kibwagizo kwa Kiingereza, silabi nane, halafu nane. Hakuimba. Alisema tu.

Shangazi alimwacha aushike mpaka alipomaliza.

"Haya," alisema. "Kula, inapoa."